Je, Ibn Battuta aliyaona kweli mazishi ya Khan huko Beijing?

Bi Mwalimu wa Kibokoni

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mtu wa Mombasa aliyesoma historia kidogo anamjua Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, kwa ule usiku mmoja aliolala kisiwani kwetu mwaka 1331, akaeleza ndizi zetu, samaki wetu, misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi na visima vifupi vya kuoshea miguu vilivyokuwa milangoni. Leo sikuja kwa ajili ya usiku huo. Nataka tuitazame sehemu nyingine ya simulizi yake, ambayo nimekuwa nikiisoma kwa ajili ya kikao chetu cha wasomaji na imenitia shaka kubwa.

Anasema kwamba alipofika Khanbaliq, mji ambao leo ni Beijing, Khan, yaani mfalme wa Kimongolia, hakuwepo. Alikuwa ametoka kwenda kupigana na binamu yake aliyeitwa Firuz, aliyeasi upande wa Karakorum, mwendo wa miezi mitatu kutoka mji mkuu. Makamanda walimgeuka Khan kwa sababu alibadilisha sheria za Chinggis, babu wa Makhan wote, naye akauawa vitani. Habari zilipofika, mji ulipambwa na ngoma zikapigwa mwezi mzima. Kisha maiti ya Khan ikaletwa pamoja na ya jamaa zake wapatao 100. Likachimbwa kaburi kubwa mfano wa chumba chini ya ardhi, likatandikwa mazulia mazuri kabisa, akalazwa humo na silaha zake na vyombo vya dhahabu na fedha, na pamoja naye wakaingizwa vijakazi 4 na watumwa 6 wakubwa waliobeba vyombo vya kinywaji. Mlango ukajengwa, udongo ukarundikwa hadi ukawa kama kilima. Baadaye farasi 4 wakakimbizwa hapo kaburini hadi wakachoka wakasimama, wakapitishwa mti mwilini kutoka nyuma hadi mdomoni, wakatundikwa juu. Anasema hakubaki mtu mjini, mwanamume wala mwanamke, Mwislamu wala asiye Mwislamu, ila alihudhuria, na wote walivaa nyeupe.

Shaka yangu ni hii. Kwa hesabu ya safari yake, mambo hayo yalitokea baina ya mwaka 1345 na 1346. Lakini Khan aliyekuwa akitawala China wakati huo alikuwa Toghon Temur, aliyekalia kiti mwaka 1333 na kufariki mwaka 1370. Aliyezikwa ni nani basi? Na msimulizi wetu alisimama wapi siku hiyo?

Kijana wa Tudor

Jibu ni fupi, Bi Mwalimu. Ibn Battuta hakufika China hata kidogo. Habari zote za huko alizichukua kwa Marco Polo, na hata mwanahistoria Ibn Khaldun alimwita mwongo waziwazi. Sioni haja ya kupoteza wino kwa mazishi ya mtu ambaye hakufa.

Mzee wa Makupa

Waalaykum salaam. Mimi nasikitika kuona watu wa Mombasa wenyewe wakitaka kumwondoa Ibn Battuta katika historia ya mji wao. Alifika hapa. Alikula zambarau zetu, nazo bado zipo. Aliona watu wakisafisha miguu kabla ya kuingia msikitini, na bado twafanya hivyo. Mkimkanusha huyu, mtabaki na habari za Wareno peke yake, na hao walikuja kutuchomea mji.

Bi Mwalimu wa Kibokoni

Mzee wangu, shikamoo. Hakuna aliyemkanusha kwa habari ya Mombasa. Swali langu ni la Beijing tu, tena la siku moja tu ya huko Beijing. Nakuomba uwe nasi, kwani huenda mwishoni tukahitaji kurudi pwani.

Mtunza Makaratasi

Bi Mwalimu ameuliza vizuri, nami nitajibu kwa urefu kidogo, kwa kuwa kisa hiki ni miongoni mwa vichache ambavyo shahidi mmoja maarufu anaweza kuwekwa mbele ya mashahidi wengine ambao hawakujuana naye wala hawakujuana wao kwa wao.

Kwanza niweke sawa aliyoyasema Kijana wa Tudor, maana nusu yake ni kweli. Ni kweli kwamba wapo wanaotilia shaka safari nzima ya China, na ni kweli kwamba Ibn Khaldun anataja minong'ono kwamba msafiri huyu ni mwongo. Lakini minong'ono hiyo ilihusu hadithi zake za Sultani wa India, na Ibn Khaldun anaeleza kwamba alipomwendea waziri Faris bin Wadrar na shaka zake, waziri alimwonya asikanushe jambo la nchi za mbali kwa sababu tu yeye hajaliona. Ama kuhusu Marco Polo, hakuna dalili kwamba Ibn Battuta au mwandishi wake Ibn Juzayy aliwahi kuona maandishi ya Mtaliano huyo. Ibn Juzayy alichukua maneno ya watu wengine, hilo linajulikana: maelezo marefu ya Dameski na ya Makka yametoka kwa Ibn Jubayr, aliyesafiri zaidi ya miaka 100 kabla. Kwa hiyo tusemapo kwamba kuna kunakili ndani ya simulizi hii, tuseme kumenakiliwa nini na kutoka kwa nani.

Sasa tuje kwa mashahidi. Wa kwanza ni Yuan Shi, historia rasmi ya ukoo wa Wamongolia waliotawala China. Mtu atasema kwamba historia rasmi huficha aibu ya watawala, na kuuawa kwa Khan na binamu yake ni aibu kubwa. Lakini tazameni ni nani walioiandika. Iliandikwa mwaka 1369 na 1370 kwa amri ya mfalme wa kwanza wa Ming, yaani watu waliokuwa wamewafukuza Wamongolia kutoka Beijing mwaka 1368. Waandishi hao walikuwa na kila sababu ya kueleza fitina, vita vya ndugu na mauaji katika nyumba ya adui yao, na kwa kweli wameyaeleza mengi ya namna hiyo. Kama Khan angeuawa katika miaka ya 1340, wao wangekuwa wa kwanza kuitangaza habari hiyo. Badala yake wanamfuata Toghon Temur mwaka baada ya mwaka hadi anapokimbia mji.

Shahidi wa pili ni Korea. Mke wa Toghon Temur, Malkia Ki, alikuwa Mkorea, na baraza la kifalme la Goryeo, yaani Korea ya wakati huo, lilikuwa likipeleka Beijing wajumbe na kupokea wa huko wakati wote. Mfalme wao Chunghye alikamatwa na wajumbe wa Khan, akafia njiani akipelekwa uhamishoni mwanzoni mwa 1344. Watu waliofungwa kwa karibu namna hiyo na Beijing wasingeweza kukosa habari kwamba mkwe wao ameuawa na mwingine ameketi mahali pake. Kumbukumbu zao hazina Khan mpya wakati huo.

Shahidi wa tatu ni yule ninayempenda zaidi, Giovanni de' Marignolli, mtawa wa Kifransisko aliyetumwa na Papa. Alifika Khanbaliq mwaka 1342, akakaa kama miaka mitatu, akampelekea Khan farasi mkubwa kama zawadi. Uzuri wake ni kwamba Wachina nao walimwandika farasi huyo. Yuan Shi inasema kwamba katika mwaka huohuo, mwezi wa 7, watu wa nchi ya Fulang, yaani Ulaya, walileta farasi mweusi kabisa isipokuwa kwato mbili za nyuma zilizokuwa nyeupe, urefu wake kwa vipimo vya Kichina zhang 1, chi 11 kasoro saba za kumi hivi kwa hesabu ya pamoja, na kimo chake chi 6 na cun 4. Mtawa anasema alileta farasi, na karani asiyemjua anampima farasi. Hivyo ndivyo alama ya mtu aliyekuwepo inavyoonekana.

Hata hivyo tusimbebeshe Marignolli mzigo usio wake. Huenda aliondoka Beijing kabla ya siku zinazodaiwa za mazishi, na kunyamaza kwa mtu aliyekwisha ondoka si ushahidi. Anachotusaidia ni kuthibitisha kwamba Khan aliyekuwepo mwaka 1342 ndiye yule wa Yuan Shi, wala hakuitwa Pashai, jina ambalo Ibn Battuta anampa.

Nahodha Mstaafu

Mtunza, hesabu yako ya farasi imenichanganya, lakini twende.

Mtunza Makaratasi

Nahodha ana haki. Niandike sawasawa: urefu zhang 1, chi 1 na cun 3, na zhang moja ni chi 10. Kimo ni hicho nilichokisema.

Mjukuu wa Kizingo

Naomba radhi kuingilia. Uzi huu umenigusa kwa sababu babu yangu husema kwamba usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 alikuwa Nairobi, Bustani ya Uhuru, akaona bendera ya Mwingereza ikishushwa na ya Kenya ikipandishwa. Husimulia kwamba taa zilizimwa, na zilipowashwa bendera mpya ilikuwa juu, watu wakapiga kelele hadi masikio yakaziba. Bibi yangu, kila babu akisimulia, huguna tu. Juzi aliniambia kwamba wiki hiyo babu alikuwa zamu bandarini Kilindini na hakutoka Mombasa. Je, njia hizi za Mtunza zinaweza kutumika kwa babu?

Bi Mwalimu wa Kibokoni

Mwanangu, zinaweza, ila uzitumie kwa adabu. Habari ya taa kuzimwa ni sahihi, lakini haimsaidii babu, kwa kuwa kila aliyesikiliza redio au kusikia waliorudi aliijua. Muulize mambo ambayo hayakutangazwa: alisafiri na nani, alilala wapi, alirudi siku gani. Kisha mtafute aliyesafiri naye. Usimuulize bibi mbele yake.

Maalim wa Bondeni

Assalaam alaykum warahmatullah. Nimesoma kwa makini, nami naona kwamba elimu yetu ya wapokezi wa hadithi ina chombo kinachofaa hapa, ambacho hakijatajwa.

Katika wapokezi kuna mwongo anayetunga, naye hutupwa moja kwa moja. Lakini yupo mwingine ambaye wanachuoni wamemwita mudallis. Huyu si mtungaji. Amesikia habari, lakini amemficha aliyemsikilizishia, akaieleza kwa namna itakayomfanya msikilizaji adhani kwamba alikuwepo au aliipokea moja kwa moja. Wanachuoni wengi hawakumtupa mtu wa namna hiyo kwa jumla. Walisema: akitamka waziwazi kwamba amesikia au ameona, na yeye mwenyewe ni mwaminifu, hukubaliwa, akitumia maneno yasiyo wazi, husimamishwa hadi apatikane mwingine.

Mimi naona Ibn Battuta ni wa aina hiyo katika mahali pengi. Mfano ulio wazi kuliko wote ni Dameski. Anasema kwamba alihudhuria Ijumaa ambayo Ibn Taymiyya alikuwa akihutubu juu ya mimbari. Naye mwenyewe anatueleza kwamba aliingia Dameski tarehe 9 Ramadhani mwaka 726, sawa na Agosti 1326. Waandishi wa Dameski wanaeleza kwamba Ibn Taymiyya alitiwa kifungoni ngomeni katika Shaabani ya mwaka huohuo, na hakutoka tena hadi alipofariki mwaka 728. Mtu hawezi kuhutubu akiwa kifungoni. Alichofanya Ibn Battuta, kwa dhana yangu, ni kusikia habari iliyokuwa ikizunguka mjini miongoni mwa wapinzani wa sheikh, kisha akajiweka ndani yake.

Nawaomba msigeuze mfano huu kuwa mjadala wa akida. Nimeutaja kwa sababu ya tarehe tu.

Kijana wa Tudor

Maalim, kama ni hivyo, basi mtu aliyepatikana na uongo Dameski na Beijing, kwa nini tumwamini Mombasa? Mlango ukishavunjwa mara mbili, mwenye nyumba halali tena usiku akitegemea komeo lake.

Mtunza Makaratasi

Nitalijibu hilo, lakini kwanza nataka niongeze kitu juu ya aliyosema Maalim, kwa maana yananisaidia kueleza mazishi yametoka wapi.

Wengi wakisoma habari ya farasi waliotundikwa huvutwa na udogo wa mambo yanayoelezwa: farasi 4 kwa Khan, 3 kwa kila mmoja wa jamaa wakubwa, mmoja mmoja kwa wengine. Wanasema kwamba mtu hawezi kubuni hesabu ya namna hiyo. Hawakukosea kusema kwamba desturi yenyewe ilikuwepo. Ibn Fadlan aliieleza kwa Waturuki wa Oghuz katika safari yake ya mwaka 922. Giovanni wa Pian del Carpine, aliyefika kwa Wamongolia miaka ya 1240, anasema kwamba mkubwa wao huzikwa na farasi mwenye tandiko, na mwingine huliwa kisha ngozi yake hujazwa majani makavu na kuinuliwa juu ya miti. Willem wa Rubruck, miaka kama kumi baada yake, aliona kaburi la Mkumani, mtu wa kabila la nyikani, lililozungukwa na ngozi za farasi 16 zilizotundikwa kwenye miti mirefu. Basi farasi hao ni wa kweli. Lakini wote hawa wanazungumzia nyika, wala si makaburi ya Makhan waliotawala China.

Namna Makhan hao walivyozikwa tunaijua, na inapingana na kila kitu katika simulizi hii. Yuan Shi inaeleza kwamba gogo la mti wenye harufu nzuri lilipasuliwa vipande viwili, likachongwa ndani kwa umbo la mtu, likafungwa kwa pete za dhahabu, kisha likachukuliwa kaskazini hadi Mongolia. Udongo uliochimbwa uliwekwa kwa mpangilio ili urudishwe kama ulivyokuwa, na uliobaki ukachukuliwa mbali, pasiachwe dalili yoyote juu ya ardhi. Marco Polo, ambaye hakuisoma Yuan Shi kwa kuwa haikuwa imeandikwa, naye anasema kwamba Makhan wote hupelekwa kuzikwa mlimani Altai hata wakifia mwendo wa siku 100 kutoka hapo. Hadi leo hakuna kaburi lao hata moja lililojulikana. Sasa linganisheni na Ibn Battuta: maiti inatoka upande wa Karakorum, yaani inatoka Mongolia, inaletwa Beijing, inarundikiwa kilima, na watu wa mji mzima wanaitazama. Njia imegeuzwa, siri imekuwa mkutano wa hadhara, na ardhi iliyosawazishwa imekuwa kilima.

Kwa hiyo kinachopimwa si kama jambo linafanana na ukweli. Mtu aliyekaa nyikani katika nchi ya Uzbek Khan, kama alivyokaa Ibn Battuta katika miaka ya 1330, angeweza kusikia habari za farasi juu ya miti kwa kila mzee. Kipimo ni kama jambo hilo lilimpata mtu huyo, mahali hapo, siku hizo.

Kuna na jambo jingine, ambalo kwangu ni zito zaidi ya yote, nalo limo ndani ya simulizi yake mwenyewe. Kabla ya kufika India alipita kwa Tarmashirin, Khan wa Asia ya Kati. Baadaye anatueleza kuhusu mwisho wa Tarmashirin: makamanda walimwasi kwa kuwa alikiuka sheria za Chinggis, wakamweka binamu yake Buzun mahali pake. Khan anayevunja sheria za babu, makamanda wanaokasirika, binamu anayechukua kiti. Mnaona? Ni kisa kilekile. Mapinduzi dhidi ya Tarmashirin yalitokea kweli, karibu na mwaka 1334. Mazishi ya Beijing yamejengwa, kwa sehemu kubwa, na mbao zilizotumika tayari.

Maalim wa Bondeni

Hapa nakubaliana nawe, ila sikubali kwamba lazima yeye ndiye aliyeyahamisha. Anasema mwenyeji wake huko Beijing alikuwa Burhan al-Din wa Sagharj, na mtu huyo si wa kubuniwa. Kaburi lake linazuriwa Samarkand hadi leo katika jengo la Ruhabad, na wenyeji wa huko husema kwamba alifia China akarejeshwa kwao. Mtu wa Samarkand aliyeishi Beijing angeweza kumsimulia mgeni mambo ya Asia ya Kati, na mgeni asiyejua lugha akachanganya Khan huyu na yule.

Mtunza Makaratasi

Inawezekana, Maalim. Lakini Ibn Battuta alikuwa amekwisha msikia Burhan al-Din akiwa Delhi, kwa kuwa yeye mwenyewe anataja kwamba Sultani wa India alimwalika sheikh huyo naye akakataa. Kwa hiyo kumjua jina hakuthibitishi kwamba alilala kwake.

Sasa nimjibu Kijana wa Tudor. Mimi simpimi mtu mzima kwa mara moja. Napima kila ushahidi mahali pake, na kipimo cha kwanza ni jina la mtawala. Alipotoka Mombasa alikwenda Kilwa, akamtaja Sultani aliyemkuta: Abu al-Mawahib al-Hasan bin Sulaiman. Tarikh ya Kilwa inamtaja. Sarafu zenye jina la al-Hasan bin Sulaiman zimeokotwa Kilwa kwenyewe na visiwa vya jirani, na hakuna karani wa Fez, ambako simulizi hii iliandikwa, mwaka 1355 aliyeweza kuzijua sarafu za Kilwa. Weka Pashai wa Beijing upande mmoja na al-Hasan wa Kilwa upande wa pili, uone tofauti baina ya aliyefika na asiyefika.

Wala simaanishi kwamba habari ya Kilwa yote imenyooka. Anasema mji ulijengwa kwa mbao, ilhali kasri la Husuni Kubwa na msikiti mkuu ni mawe ya matumbawe. Wanaochimba bado wanabishana: ama aliwaona watu wa kawaida wakiishi katika nyumba za miti, ama mwandishi aliunganisha Mombasa na Kilwa.

Mzee wa Makupa

Hilo la mbao mimi naweza kulieleza. Miti ya mikoko ilikuwa mingi, na mgeni aliyekaa siku chache huona paa la makuti kabla ya kuona ukuta. Lakini kuna neno lake moja lililonisumbua tangu ujanani. Anasema kisiwa cha Mombasa kiko mwendo wa siku mbili kutoka nchi ya Sawahil. Hapa Makupa ukisimama ufukoni wakati wa maji kupwa, bara unaiona hivi hivi, na zamani watu walivuka kwa miguu. Siku mbili zimetoka wapi?

Bi Mwalimu wa Kibokoni

Mzee, nimefurahi umelitaja. Wapo wanaosema kwamba kwake Sawahil ilikuwa sehemu fulani ya pwani, ile iliyotupa nafaka, na siku mbili ni za chombo kutoka huko. Ni maelezo yanayowezekana, ingawa mimi hayanitoshi. Mtu aliyelala usiku mmoja, akafika jioni na kuondoka na upepo wa asubuhi, anaweza asijue bara iko umbali gani nyuma ya mikoko. Lakini visima vya mlangoni vyenye kina cha dhiraa moja au mbili, na kata ya mbao yenye kijiti chembamba cha dhiraa moja ya kuchotea maji, ni vitu ambavyo mtu huviona akiinama kutia udhu. Sijui ni nani mwingine angemsimulia hilo, na kwa faida gani.

Kijana wa Tudor

Nakubali kuhusu Kilwa. Kuhusu China bado naona hakuvuka Zaytun, bandari ya huko.

Nahodha Mstaafu

Mimi si msomi wa makaratasi, ila miaka yangu mingi imepita baharini, na hesabu za pepo hazinipiti. Nimezichukua siku alizozitaja mwenyewe nikazirudisha nyuma. Anasema alisali Idi ya Ramadhani huko Kawlam, Malabar. Kwa kuwa alikuwa Dhofar mwezi wa Muharram 748, yaani Aprili au Mei 1347, Idi hiyo ilikuwa katikati ya Januari 1347. Kutoka Samudra, kisiwani Sumatra, hadi Kawlam anahesabu siku 40. Samudra yenyewe alikaa miezi miwili. Kabla ya hapo alikuwa na siku 10 za upepo mzuri kutoka Zaytun, kisha 42 za kupotea katika bahari wasioijua, kisha miezi miwili mingine hadi Samudra. Jumlisheni mrudi nyuma, mtaona aliondoka China baina ya Mei na Juni 1346.

Sasa, katika bahari ya China, Juni ni wakati wa upepo kutoka kusini-magharibi, kama vile sisi tuwapo ndani ya kusi. Jahazi la kwenda kusini halitoki wakati huo kwa hiari, husubiri kaskazi. Siku 10 za upepo mzuri alizipata wapi? Ama siku zake si sahihi, ama mahali fulani ameongeza safari ambayo haikuwepo, na miezi ikabidi ijibane.

Lakini hesabu hiyohiyo haimwambii Kijana wa Tudor kwamba ameshinda. Aliondoka Maldivi mara ya kwanza Agosti 1344. Kama alifika Zaytun majira ya kusi ya 1345, alikuwa na miezi kama 10 China. Mwendo wa mifereji hadi Beijing na kurudi unaingia humo. Kisichoingia kwa urahisi ni kumngoja Khan aliyekwenda vitani umbali wa miezi mitatu, sherehe za mwezi mzima, maiti irejeshwe miezi mitatu mingine, halafu yeye ateremke tena hadi pwani.

Mtunza Makaratasi

Nahodha, umefanya kazi ambayo wengi hawaifanyi. Nyongeza moja tu: inawezekana Khan alikwisha ondoka muda mrefu kabla ya mgeni kufika, na hivyo miezi hiyo isihesabiwe yote. Hata tukimpa nafasi hiyo, bado Toghon Temur hakufa.

Maalim wa Bondeni

Na tukimpa kwamba alifika Beijing akaona mazishi ya mwana wa mfalme au kamanda mkubwa wa Kimongolia, akaambiwa ni Khan?

Mtunza Makaratasi

Hilo ndilo ninaloliacha wazi. Wakuu wa Kimongolia wasio Makhan walikuwa wengi, na hatuna orodha ya mazishi yao yote. Ili dhana hiyo isimame ningehitaji kaburi la kilima karibu na Beijing la miaka hiyo, lenye watu waliozikwa pamoja na mkuu wao na mifupa ya farasi juu yake, au mwandishi mwingine wa mji huo aliyeona jambo la namna hiyo. Sijakutana na lolote kati ya hayo. Mpaka hapo naweza kusema kwamba mazishi ya Khan hayakuwepo, na siwezi kusema kwamba Ibn Battuta hakuona mazishi yoyote.

Mjukuu wa Kizingo

Nimemuuliza babu alisafiri na nani. Ametaja majina mawili, wote wamefariki. Lakini alisema kwamba walirudi na garimoshi la usiku, na kwamba Voi walikaa saa nyingi. Nimeanza kuulizia wazee wa reli.

Nahodha Mstaafu

Uliza na zamu za Kilindini, mwanangu. Daftari za bandari za wakati ule zilikuwa zikitiwa sahihi.